Meseji moja, wito tisa

Maongezi na waandishi wa programu, Tabora

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunganisha modeli kubwa ya lugha na programu yako. Nitasimulia meseji moja tu, iliyotumwa na mzee mmoja mfugaji nyuki wa upande wa Sikonge, kwa sababu meseji ile ilitufundisha karibu kila kitu ninachotaka kukisema leo.

Kwanza mjue programu yenyewe inafanya nini. Wafugaji wakisharina asali wanatuma meseji ya kawaida ya simu, kwa maneno yao wenyewe. Hatukutaka kuwalazimisha kuandika kwa mpangilio maalumu, maana mtu ametoka porini, mikono ina masizi ya moshi, simu ni ya vitufe. Anaandika tu: "Nina ndoo 4 asali, nitakuwa kituoni saa nne asubuhi." Kampuni ya kusafirisha meseji inaipokea na kuipeleka kwenye seva yetu. Seva inaiuliza modeli: huyu ana nini, kiasi gani, lini? Majibu yanaingia kwenye daftari la ushirika, na jioni karani anapanga lori kufuata daftari hilo.

Siku moja lori lilikwenda kuchukua ndoo 12 za mzee yule. Likakuta 4. Mzee alikuwa amepokea majibu matatu yanayofanana, akadhani mtandao una wazimu, akanyamaza. Daftarini alikuwa ameandikwa mara tatu.

Tulipofungua kumbukumbu za seva tuliona hivi. Meseji ilifika saa moja usiku, wakati huduma ya modeli imeelemewa. Programu yetu ilipiga wito wa kwanza ukarudi na hitilafu 503. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu ukafaulu, lakini jumla ya sekunde 40 zilikuwa zimeshapita. Sasa, kampuni ya meseji ilikuwa inatusubiri tuseme "tumepokea", na subira yake ni sekunde 10. Isipojibiwa inatuma tena, na ikikosa inatuma mara ya tatu. Kila ilipotuma upya, sisi tulianza upya: wito nyingine tatu. Tatu mara tatu, tisa. Waswahili wanasema mchovya asali hachovyi mara moja, na mifumo hii nayo ndivyo ilivyoundwa: kila tabaka lina tabia yake ya kujaribu tena, na hakuna tabaka linalojua kwamba jirani yake naye anajaribu.

Yale majaribio matatu ya upande wetu yalitoka wapi? Hakuna aliyeyaandika. Yalikuja na maktaba. Maktaba rasmi za Python za OpenAI na za Anthropic, usipozigusa, husubiri jibu hadi dakika 10, na zikipata hitilafu za aina fulani hujaribu tena mara 2, kwa hiyo jumla ni mara 3. Hitilafu hizo ni pamoja na kukatika kwa mtandao, 429, na zote za 500 na kuendelea. Hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo yao, na kwa kazi ndefu ni chaguo la busara. Kosa lilikuwa letu: tulizitumia bila kusoma, na hatukuwa na namna ya kutambua kwamba meseji iliyorudi ni ile ile.

Tiba ya kwanza haikugusa modeli kabisa. Kila meseji kutoka kwa kampuni ile ina namba yake ya utambulisho, na ikirudiwa namba haibadiliki. Tukaifanya namba hiyo kuwa ya kipekee kwenye jedwali, na kazi ya kupokea tukaitenga na kazi ya kuuliza:

```sql
INSERT INTO foleni (meseji_id, simu, maneno)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (meseji_id) DO NOTHING;
```

Seva ikishaandika mstari huo inajibu 200 papo hapo, na kwetu hilo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Meseji ikija mara ya pili haiandikwi. Modeli inaitwa baadaye na mfanyakazi, yaani programu nyingine inayosoma foleni. Nimeona vijana wengi wakiita modeli moja kwa moja ndani ya ukurasa unaopokea ombi, na mazoezini inakwenda vizuri kwa sababu modeli hujibu kwa sekunde mbili. Shida huonekana siku ambayo inajibu kwa sekunde 40, na siku hiyo huja jioni ya msimu, watu wote wakiwa wamerina kwa pamoja.

Sasa kuhusu muda wa kusubiri. Mtu ataniuliza: kama ni meseji, mfugaji hana haraka, akipata jibu baada ya dakika tano kuna ubaya gani? Hakuna ubaya wowote kwake. Muda wa kusubiri haukuwekwa kwa ajili yake. Umewekwa ili mfanyakazi wa foleni aachiliwe. Sisi tulikuwa na wafanyakazi wanne. Mmoja akikwama kwa dakika 10, akajaribu tena mara mbili, ni nusu saa nzima amekaa na meseji moja. Zikitokea meseji nne za namna hiyo, wote wanne wamekwama, na foleni nzima nyuma yao imesimama. Ukiangalia seva utaona haifanyi kazi yoyote: prosesa imetulia, memori ina nafasi, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Ndiyo dalili yake hiyo. Kitu pekee kinachokua ni umri wa meseji kongwe kuliko zote kwenye foleni, na ndiyo namba ninayoitazama kwanza kila asubuhi.

Tukaweka hivi:

```python
client = AsyncOpenAI(timeout=8.0, max_retries=0)

async def soma(meseji):
    try:
        async with asyncio.timeout(12):
            return await uliza_modeli(meseji)
    except (TimeoutError, APIError):
        return None
```

Mtaona muda umetajwa mara mbili, na si kwa bahati mbaya. Ile 8.0 si jumla ya muda wote. Ni kimya cha juu kinachoruhusiwa: sekunde nane bila baiti hata moja kufika. Kama umeomba jibu lije kidogo kidogo, kila kipande kinachofika kinaanzisha saa upya, na wito wenye kikomo cha sekunde 8 unaweza kuendelea dakika mbili bila kukatwa. Mpaka halisi ni ile 12 ya nje. Namba zenyewe msizinakili kwangu. Pima wito wako mia chache, uzipange kuanzia wa haraka hadi wa polepole, uangalie wa 95 katika kila 100 umechukua muda gani, kisha weka kikomo juu kidogo ya hapo. Ukikiweka chini ya hapo unakata wito ambao ungefaulu, na unaweza kutozwa hela yake, kwa sababu wewe kuondoka hakumaanishi kwamba seva ya upande wa pili imeacha kuandika.

Na hiyo `max_retries=0` inashangaza watu. Hatujaacha kujaribu tena. Tumeamua kwamba kujaribu tena kutafanyika mahali pamoja tu, kwenye foleni. Wito ukishindwa, meseji inarudi kwenye foleni ikiwa na alama kwamba imejaribiwa mara moja, na inasubiri dakika moja na sekunde kadhaa za bahati nasibu juu yake, ili meseji zilizoshindwa pamoja zisirudi zote kwa sekunde moja. Ikishindwa mara ya pili inakwenda njia ya akiba. Hitilafu nyingine hazistahili hata jaribio la pili: 400 ni ombi lako limekosewa, 401 ni ufunguo wako una shida. Hata 429 isome vizuri, maana namba hiyo hiyo huweza kumaanisha unapiga kwa kasi mno, na huweza kumaanisha salio limekwisha. La kwanza linapona kwa kusubiri. La pili linapona kwa kulipa, na ukilijaribu usiku kucha halitabadilika.

Nije kwenye hela, maana najua wengi humu mnalipa kwa fedha za mfukoni. Modeli hutozwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno inavyosoma na kuandika. Tuchukue bei ya mfano ili hesabu iwe nyepesi: dola 1 kwa tokeni milioni zinazoingia, dola 4 kwa tokeni milioni zinazotoka, na dola moja iwe shilingi 2,500. Maelekezo yetu pamoja na meseji ni kama tokeni 1,600. Jibu tumelifunga lisizidi 150. Hiyo ni shilingi 4 za kuingia na shilingi moja na nusu za kutoka. Shilingi tano na nusu kwa meseji ni hela ndogo sana, na udogo wake ndio unaofanya watu wasiweke uzio.

Tokeni msizikadirie kwa kuhesabu maneno. Neno kama "nitakapowaletea" ni neno moja kwetu, lakini modeli hulikata vipande kadhaa, na maandishi ya Kiswahili kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ile ile. Jibu lenyewe huja na hesabu yake kwenye sehemu ya `usage`. Andika `prompt_tokens` na `completion_tokens` za kila wito kwenye jedwali, kando ya namba ya meseji. Bila hivyo, bili ikipanda utajua kwamba imepanda tu, hutajua ni meseji zipi zilizoipandisha.

Kikomo cha matumizi kwenye akaunti ya mtoa huduma kiwekeni, ila msikitegemee kuwa uzio wa kwanza. Mara nyingi ni cha mwezi, hesabu yake huweza kuchelewa, na kikifika programu yote inanyamaza kwa siku zilizobaki. Sisi tunakata kwa siku, na tunakata kabla ya kupiga wito:

```sql
UPDATE bajeti SET imetumika = imetumika + 6
WHERE siku = CURRENT_DATE AND imetumika + 6 <= kikomo;
```

Kikomo chetu ni shilingi 6,000 kwa siku. Amri hii inakagua na kuongeza kwa pigo moja. Ikirudisha mstari mmoja, una ruhusa. Ikirudisha sifuri, bajeti ya leo imekwisha, nenda njia ya akiba. Mwanzoni tulikuwa tunasoma kwanza salio, kisha tunapiga wito, kisha tunaongeza. Wafanyakazi wanne wakisoma kwa pamoja wote wanaona nafasi ipo, wote wanapita. Tunaweka shilingi 6, gharama ya juu kabisa inayowezekana, na wito ukifaulu tunarekebisha kwa `usage` halisi. Wito ukikatwa na muda, zile 6 haturudishi, kwa sababu huenda kweli tumetozwa.

Ule ukomo wa tokeni 150 nao una mtego wake. Modeli ikiufikia haifupishi, inakatwa katikati ya sentensi. Jibu letu ni JSON, kwa hiyo tunapata mabano yaliyofunguka bila kufungwa. Kabla ya kulisoma jibu, angalia `finish_reason`. Ikiwa ni `length`, jibu halijakamilika na lisitumike, hata kama kwa bahati linasomeka.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye maelekezo yenyewe, kwa sababu ndipo Tabora ilipotufundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye maelezo ya mtoa huduma yeyote.

Maelekezo yetu ya mwanzo yalisema: toa uzito kwa kilo, na saa kwa mfumo wa saa 24. Yalionekana ya kitaalamu. Meseji ya "ndoo 4" ikawa inarudi na kilo 80. Modeli ilifikiri ndoo ni lita 20, na lita ni kilo, kama maji. Kila mama anayepima asali pale kituoni anajua si hivyo. Asali ni nzito, lita moja ni kama kilo 1.4, na ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28. Kwa ndoo nne tulikuwa tunampunja mzee kilo 32 kwenye daftari. Na "saa nne asubuhi" mara ilikuja 10:00, ambayo ni sahihi, mara ikaja 04:00. Meseji ile ile, siku mbili tofauti, majibu mawili. Kosa linalojirudia kila siku utaliona na kulirekebisha. Hili la kuja na kuondoka lilikaa kwetu wiki kadhaa, mpaka karani aliyekuwa akifungua kituo alfajiri na kukuta hakuna mtu alipouliza.

Tungeweza kuongeza maelezo: kumbuka saa ya Kiswahili, kumbuka uzito wa asali. Tulijaribu, na ikapungua bila kuisha. Kilichoponya ni kuinyang'anya modeli kazi ya hesabu. Maelekezo ya sasa ni haya, na baada yake kuna mifano ya meseji halisi tulizoondoa majina:

```text
Soma meseji ya mfugaji. Jibu kwa JSON tu:
{"aina": "kuuza" au "swali" au "nyingine",
 "idadi": "maneno yake" au null,
 "kipimo": "neno lake" au null,
 "saa": "maneno yake" au null}
Nakili maneno kama yalivyo. Usibadili kipimo wala saa.
Kisichotajwa ni null. Usikisie.
```

Modeli inanakili "4", "ndoo", "saa nne asubuhi". Kugeuza ndoo kuwa kilo kunafanywa na jedwali la vipimo ambalo karani mwenyewe analisahihisha. Kugeuza saa kunafanywa na mistari michache ya programu: asubuhi na mchana unaongeza 6, ila saa kumi hadi kumi na mbili za asubuhi unatoa 6, usiku wa mapema unaongeza 18, na "usiku" wa kuanzia saa sita tunamuuliza mtu.

Faida ya pili tuliigundua baadaye, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza. Kwa kuwa tumeomba maneno yanakiliwe, programu inaweza kuhakiki bila gharama yoyote: je, neno "ndoo" lipo kweli ndani ya meseji? Je, "4" ipo? Kama modeli imerudisha neno ambalo mfugaji hakuliandika, jibu linatupwa na meseji inakwenda njia ya akiba. Ukiomba jibu lililokwisha kukokotolewa, huna namna ya kulipima kwa haraka hivyo.

Na njia ya akiba yenyewe ni nini? Watu wengi husema: modeli ya pili, ya bei nafuu. Tuliijaribu. Ilikuwa na kasi, haikuanguka, na ikasoma "ndoo mbili na nusu" kuwa 2. Yaani siku ambayo huduma kuu ni mbovu, wafugaji walikuwa wanapoteza nusu ndoo bila mtu kujua, na kwenye kumbukumbu zetu kila kitu kilionyesha kijani. Sisemi modeli ya pili haifai. Nasema ipimwe kwa meseji zile zile ulizopimia ya kwanza, za Kiswahili cha huku, kabla hujaiamini na mzigo wa mtu.

Yetu leo ina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni mistari ya kawaida ya programu inayotambua umbo moja tu, namba ikifuatana na "ndoo", "debe" au "kilo", na pia umbo lililogeuzwa, "ndoo 4". Ikipata mechi moja tu inaandika, na inaweka alama kwamba haikusomwa na modeli. Ikipata mechi mbili, au sifuri, haithubutu. Ngazi ya pili ni karani. Mfugaji anapata meseji: "Tumepokea ujumbe wako. Karani atakupigia kuhakikisha kiasi." Maneno hayo ni ya kweli, na karani anapiga kweli, kwa sababu foleni yake ipo kwenye skrini yake na ina saa ya kila meseji. Msimweke mtu kwenye njia ya akiba bila kumwambia mapema kwamba yumo. Usiku huduma ikilala, asubuhi atakuta mamia, kwa hiyo tukaongeza fyuzi: wito tano mfululizo zikishindwa, programu inaacha kupiga kwa dakika mbili, meseji zinabaki kwenye foleni bila kuhesabiwa jaribio, kisha inatuma moja tu kuonja. Ikipita, milango inafunguliwa. Kwa njia hiyo tatizo la dakika kumi halimwagiki lote kwa karani.

Yote haya hutayajua kama yanafanya kazi kwa kusubiri huduma ianguke. Andika seva ya uongo, mistari ishirini tu, inayojifanya modeli. Iamrishe ilale sekunde 60, kisha irudishe 503, kisha irudishe JSON iliyokatika, kisha irudishe "ndoo 40" kwa meseji ya ndoo 4. Elekeza programu yako kwake kwa kubadili `base_url`, tuma meseji moja mara tatu yenye namba ile ile, halafu hesabu vitu vitatu: mistari mingapi imeingia daftarini, wito ngapi seva ya uongo imepokea, na bajeti imepanda shilingi ngapi. Pale ilipolala sekunde 60, kama meseji haina umbo linalotambulika, kwetu majibu yanapaswa kuwa sifuri, mbili, na 12, na meseji iwe kwenye skrini ya karani.

Kompyuta ipo hapa mbele na seva hiyo ya uongo inaendelea kulala. Aliye na simu aje atume meseji ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, na tuione inapoishia.